Barua pepe ya mauzo imekataliwa: tafuta sababu kabla ya kuandika upya

Nauza taulo na mashuka kwa nyumba za wageni hapa Lamu, duka langu liko Langoni. Kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu huniletea malalamiko yale yale manne: barua imerudi, barua haikujibiwa, nimeambiwa hatuhitaji, nimeambiwa bei iko juu. Wote hutaka kuandika barua nyingine papo hapo. Mimi huwaambia wangoje, kwa sababu kila dalili ina sababu zake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Nimezipanga dalili hizo hapa chini, na chini ya kila moja nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi. Dalili ya tatu nimeirefusha, maana ndiyo inayowavunja watu moyo. Nimeieleza kwa kisa cha binti mmoja aliyeanza kazi kwangu mwezi wa sita, mvua za masika zikiwa hazijakatika vizuri.

Dalili ya 1: Barua imerudi yenyewe

Ukiona ujumbe wa Kiingereza umeingia dakika chache baada ya kutuma, jua hakuna binadamu aliyekukataa. Seva ndiyo iliyoirudisha barua, na katika ujumbe huo kuna nambari inayotaja sababu.

Inayotokea zaidi ni `5.1.1`, maana yake anwani hiyo haipo. Isome anwani herufi moja moja. Binti huyu aliwahi kunijia amefadhaika kwamba mteja amemfungia, kumbe alikuwa ameandika `gmial.com` badala ya `gmail.com`. Ikiwa anwani ni sahihi na nambari ni `5.2.2`, sanduku la mteja limejaa, basi mpigie simu. Ikiwa ni `5.3.4`, barua ni nzito mno. Gmail huruhusu viambatisho vya hadi MB 25, lakini seva ya anayepokea inaweza kuwa na kikomo kidogo zaidi, na faili likisafiri kwa barua pepe huvimba kwa takriban theluthi moja. Ondoa picha, tuma maneno matupu.

Simama hapa: ukiona `5.7.1` au nambari nyingine inayoanza na `5.7`, na inajirudia kwa wateja tofauti, usiendelee kutuma. Huenda barua zako zinashukiwa kuwa taka, na kila unayoongeza inaweza kuzidisha shaka hiyo. Mwite fundi anayesimamia anwani ya kampuni aangalie mipangilio ya SPF na DKIM, ile inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Hilo si la kubahatisha mwenyewe.

Dalili ya 2: Kimya

Sababu ya kwanza kwa hapa kwetu ni kwamba barua imemfikia mtu asiyenunua. Nyumba nyingi za Shela, kijiji jirani hapa kisiwani, zina mwenyewe anayeishi Nairobi au ng'ambo, msimamizi anayekaa hapa, na kijana wa mapokezi anayefungua sanduku la barua. Kijana akiona neno "ofa" hapelekei mtu. Piga simu, salimia, uliza swali moja tu: vitu vya vyumbani ananunua nani?

Sababu ya pili ni wakati. Baadhi ya nyumba hufunga mwezi wa tano mvua ikizidi, na wiki ya mwisho ya Disemba hakuna mwenye nafasi ya kusoma. Ijumaa mchana usitume kitu. Ya tatu ni kichwa cha barua, na hapo linganisha vile viwili utakavyoviona katika dalili ya tatu.

Dalili ya 3: "Asante, hatuhitaji"

Hii ndiyo iliyomkuta binti wangu. Aliingia dukani asubuhi, akaweka simu juu ya meza kifudifudi, akakaa kimya akipanga mashuka yaliyokwisha kupangwa. Nilimwuliza kuna nini. Akasema, "Ami, yule Bi wa Shela amenikataa." Nikamwambia anionyeshe jibu. Lilikuwa hivi:

> Asante. Hatuhitaji taulo kwa sasa. Tuna mtu wetu Mombasa.

Alikuwa ameshaanza kuandika jibu. Alikuwa anaomba radhi kwa kumsumbua, na anampunguzia asilimia 10. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, nami nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua usiku alilala na jibu lile. Nikamwuliza, "Asilimia 10 ya bei gani, mwanangu? Barua yako ilitaja bei?" Akaisoma upya. Haikutaja. Punguzo la bei ambayo mteja haijui halimpunguzii chochote, linamwonyesha tu kwamba muuzaji ameingiwa na hofu.

Nikamwambia afunge simu, tuichukue barua ya kwanza tuichapishe, tuiweke mezani.

> Kichwa: OFA KABAMBE!!! TAULO, MASHUKA, FORONYA NA MAPAZIA
>
> Mpendwa Mteja,
>
> Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa na afya njema. Sisi ni wauzaji tunaoongoza wa bidhaa za hoteli. Tunauza taulo, mashuka, foronya, mapazia na vyandarua vya ubora wa hali ya juu. Bei zetu ni nafuu na tunatoa huduma bora kwa wateja wetu wote. Tunaamini tutakuridhisha. Tumeambatisha orodha yetu kamili. Samahani sana kwa usumbufu. Tunasubiri oda yako kwa hamu.

*Sababu ya kwanza, na ndiyo ya mara nyingi: barua inamzungumzia muuzaji.* Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kitu zaidi ya kalamu mbili. Kwa kalamu nyekundu zungushia kila mahali panaposema sisi: *sisi*, *tu-*, *-etu*. Kwa ya bluu zungushia kila mahali panapomgusa mteja: *u-*, *-ku-*, *-ako*. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana mtendaji na mtendwa wote wamo ndani ya kitenzi, hawafichiki.

Alizungushia mwenyewe. Nyekundu zikawa 11, bluu 4. Kisha nikamwambia azisome zile nne. *Inakukuta* na *ukiwa* ni salamu, *tutakuridhisha* ni ahadi isiyo na mwili, *yako* ni oda tunayotaka kuipata. Katika barua nzima hakuna neno hata moja kuhusu nyumba ya yule mama, vyumba vyake, wageni wake wala maji ya kisima chake. Binti alitazama karatasi akasema kwa sauti ndogo, "Ningekuwa yeye, nami ningekataa." Nikamwambia hapo ndipo kazi imeanza.

Na ile salamu, tukiwa papo hapo. "Natumaini barua pepe hii inakukuta" imehamishwa kutoka barua za Kiingereza. Hakuna mtu wa Lamu anayeingia nyumbani kwa mtu akisema hivyo. Mama yule ni Mwislamu wa hapa hapa, mtu mzima. Anasalimiwa *assalaam aleikum* na anaitwa kwa jina lake pamoja na Bi. "Mpendwa Mteja" inamwambia kwamba barua hii wamepelekewa watu wengi.

*Sababu ya pili: vitu vingi kwa mpigo.* Bidhaa tano na orodha ya kurasa 14. Mteja akiambiwa achague kati ya vitu vingi ambavyo hakuviuliza, jibu jepesi ni hapana. Chagua kitu kimoja.

*Sababu ya tatu: ana mtu wake.* Hii wengi huisoma kama mlango uliofungwa, nami naiona tofauti. Aliyesema "tuna mtu wetu" amekiri kwamba ananunua. Swali linalobaki ni kama yule mtu wake anamwachia shida fulani ambayo haijatatuliwa. Na maneno "kwa sasa" yachukuliwe jinsi yalivyo. Hakusema kamwe.

*Sababu ya nne, isiyotokea sana: kweli hahitaji.* Amenunua wiki iliyopita, au anauza nyumba. Ukithibitisha hivyo, andika tarehe kwenye daftari umrudie msimu ujao, usipoteze wino.

*Uchunguzi wa ndani.* Kalamu mbili zilituambia barua inakosa nini, lakini hazikutuambia tuweke nini mahali pake. Hilo haliko dukani. Nikamwambia binti apande boti aende Shela akamtafute dobi anayefua nguo za nyumba zile. Aliogopa. Akauliza, "Nikamwambie nini, Ami?" Nikamjibu asimwuzie kitu, amwulize tu kazi inamsumbua wapi.

Alirudi jioni na uso mwingine kabisa. Dobi alimwonyesha taulo nene nyeupe zilizoanikwa juu ya nyumba tangu asubuhi, akamshikisha upindo. "Hizi nzito hazikauki, mwanangu. Nazianika asubuhi, magharibi zingali na maji." Wageni wakipewa vile vile zinanuka unyevu, wakinyimwa wanalalamika. Akaongeza kwamba maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, na taulo hukauka ngumu kama mkeka.

Hapo tulipata kitu. Taulo ya kuogea ya sentimita 70 kwa 140 iliyofumwa kwa gramu 600 kwa mita ya mraba ina uzito wa karibu gramu 590 ikiwa kavu. Ile ya gramu 450 ina karibu gramu 440. Pamba zaidi hushika maji zaidi, na hapa kwetu hakuna mashine ya kukaushia katika nyumba nyingi, ni jua na upepo tu. Hoteli ya Nairobi yenye mashine inaweza kujivunia taulo nene. Nyumba ya Shela wakati wa mawingu inateseka nayo. Ugumu wa chumvi ni jambo jingine, taulo nyembamba haiuondoi, kwa hiyo nikamwambia binti asiutaje kana kwamba tunayo dawa yake.

Jambo moja nililisisitiza kwa nguvu. Jina la dobi lisikaribie barua ile, wala dokezo lake. Mwenye nyumba akihisi mfuaji wake anatoa siri za ndani, dobi atapoteza riziki kwa ajili ya taulo zetu. Kesho yake binti akaenda kuuliza wasimamizi wa nyumba nyingine tatu kama nao wana shida hiyo. Wote watatu walisema ndiyo.

*Kuandika upya.* Rasimu yake ya pili ilianza, "Nyumba nyingi za Shela zinalalamika." Nikamwuliza umeuliza ngapi. Akasema tatu. Nikamwambia aandike tatu. Alidhani tatu ni chache, zitamwaibisha. Lakini mama yule anakaa Shela, anajua nyumba zilizopo, na "nyingi" angeipima mara moja. Tatu ni neno analoweza kuliamini.

Rasimu ya tatu ilikuwa nzuri ila mwisho akarudisha "samahani kwa usumbufu". Nilimwelewa, ni adabu aliyolelewa nayo. Lakini ukimwomba mtu radhi kwa kumwandikia, umemwambia wewe mwenyewe kwamba barua yako ni usumbufu. Adabu tumeiweka kwenye salamu na katika kulikubali jibu lake la kwanza, inatosha.

Bei tulibishana kidogo. Yeye alitaka kuiacha hadi mteja aulize. Mimi nilitaka iwemo, tena moja, iliyokamilika. Mzigo wa Mombasa unakuja kwa basi hadi Mokowe, unavuka kwa boti hadi Lamu, kisha boti nyingine hadi Shela, kisha hamali au punda hadi mlangoni. Watu wa Shela wamechoka kutajiwa bei ya Mombasa halafu kuongezewa kila hatua. Bei iliyofika mlangoni ni habari kubwa kwao.

Barua iliyotoka ni hii, jina nimeliondoa:

> Kichwa: Taulo mbili za kujaribu kuanika, Shela
>
> Assalaam aleikum Bi ...,
>
> Asante kwa kunijibu. Nimeelewa kwamba una mtu wako Mombasa, na sikuombi umwache.
>
> Wiki hii nimeuliza nyumba tatu hapo Shela, na zote zimeniambia kwamba taulo zikianikwa asubuhi hazikauki hadi jioni. Ikiwa kwako ni hivyo pia, huenda sababu ni unene. Taulo ya gramu 600 hubeba maji mengi kuliko ya gramu 450. Ya 450 si nene mkononi kama ile, lakini hukauka mapema.
>
> Ningependa kukuletea mbili bila malipo, sentimita 70 kwa 140, zifuliwe na kuanikwa pamoja na zako kwa wiki mbili. Zikikufaa, kila moja ni shilingi 950 ikiwa imefika mlangoni kwako, boti na hamali ndani yake. Zisipokufaa nitakuja kuzichukua.
>
> Je, Jumatano asubuhi kutakuwa na mtu wa kuzipokea?

Chini yake jina lake na nambari ya simu. Hakuna kiambatisho. Angalia pia kwamba swali la mwisho haliombi oda. Linaomba mtu wa kufungua mlango, na hilo mtu anaweza kulijibu akiwa amesimama jikoni.

Kabla ya kubonyeza alinitazama. "Akikataa tena?" Nikamwambia akikataa tena tutakuwa tumekosea uchunguzi, na tutajua cha kuuliza. Tukaituma Jumatatu saa tatu asubuhi. Jibu lilikuja baada ya adhuhuri:

> Wa aleikum salaam. Jumatano sawa, lakini usije kabla ya saa nne, wageni wanakunywa chai.

Binti alilisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaenda kuchagua taulo mbili, akazifungua na kuzikunja upya hadi pindo zikalingana.

Simama hapa: mteja akiandika "usinitumie tena", hiyo si dalili ya kutibiwa. Futa anwani yake kwenye orodha siku hiyo hiyo, umjibu kwa mstari mmoja kwamba umefanya hivyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtu ana haki ya kupinga taarifa zake kutumika kumwuzia vitu. Ikiwa amekuuliza anwani yake umeitoa wapi na huna jibu safi, usitunge. Mpelekee mwenye biashara, naye atafute wakili.

Dalili ya 4: "Bei yako iko juu"

Wiki mbili zilipokwisha, yule mama aliandika kwamba taulo zimekauka mapema, lakini 950 ni nyingi, Mombasa anapata kwa 800.

Sababu inayotokea zaidi ni kulinganisha vitu visivyolingana, kwa hiyo uliza kwanza: ile 800 ni ya kuchukua dukani au imefika Shela? Binti aliuliza hivyo tu, bila ubishi. Ilikuwa ya dukani. Mama mwenyewe alipojumlisha basi, boti mbili na hamali, tofauti ikawa ndogo mno.

Sababu ya pili ni kwamba kiasi ni kikubwa kwake kwa mara moja, na hapa ndipo muuzaji mchanga hukosea kwa kukata bei. Nyumba yake ina vyumba 8 vya watu wawili, yaani wageni 16. Kanuni ya kazi yetu ni taulo tatu kwa kila mgeni: moja chumbani, moja kwa dobi, moja kabatini. Hizo ni 48, shilingi 45,600. Kabla msimu haujachanganya, hizo ni pesa nyingi kutoka mara moja. Binti alimwandikia kwamba anaweza kuanza na 16, shilingi 15,200, azitumie siku za mvua, na zile nene alizonazo ziendelee siku za jua. Bei haikuguswa. Mama akakubali 16.

Sababu ya tatu ni kwamba bei yako kweli iko juu. Hilo lipo, na dawa yake haiko kwenye barua. Iko kwenye duka la jumla unakonunua wewe.

Simama hapa: mteja akikubali na kuomba ankara ya eTIMS, yaani ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, au akitaka kulipa kwa awamu kwa maandishi, barua imemaliza kazi yake. Usijibu kwa kukisia juu ya kodi au masharti. Bi wa Shela aliiomba ankara hiyo, binti akanijia mbio akiwa na simu mkononi, nami nikampigia mhasibu wetu. Taulo zilivuka Alhamisi kwa boti ya saa mbili, ankara ikiwa ndani ya bahasha juu ya furushi, na binti amekaa kando yake asije mtu akaliweka mahali pa maji.